Ofisa wa Watumishi ni Mtumishi wa Nani?



Katika karakana moja ya upande wetu huu wa Mutuini kumebandikwa tangazo ya kuwa anatafutwa Ofisa wa Watumishi mpya. Yule wa zamani amekwenda zake, na kazi yake sasa inashikwa na karani wa mishahara. Ndugu walio katika karakana hiyo walituletea sisi wa reli nakala ya tangazo pamoja na karatasi ya maelezo ya kazi, wakatuuliza tunaionaje, kwa sababu sisi tumezoea kukaa mezani na maofisa wa namna hii. Jina la kampuni hatulitaji, maana mashauri yake na chama bado hayajakwisha. Lakini karatasi yenyewe tutaisema.

Karatasi ina mistari michache tu. Kazi za ofisa ni "kusimamia nidhamu ya wafanya kazi, kutunza mafaili, na kufanya kazi nyingine yoyote atakayopewa na Meneja wa Karakana." Mkubwa wake ni huyo huyo Meneja wa Karakana. Sifa zake ni digrii, miaka kumi ya kazi, tena awe "mtu imara anayeweza kustahimili watu wagumu," na aliyepata kuwa polisi au askari jeshi atafikiriwa kwanza. Basi. Hayo ndiyo yote. Na watu wagumu, kama hamkuelewa, ni ninyi.

Wako wenzetu waliosema, "Hayo ni mambo ya ofisi, yatuhusu nini sisi? Acha wamwandike wamtakaye." Twawajibu ya kuwa barua ya kufukuzwa kazi huandikwa ofisi hiyo. Likizo yako inahesabiwa huko. Siku ulizougua zinaandikwa huko. Ikiwa huyo mtu hakuandikiwa kazi yake sawasawa, atakayelipa si yeye, ni wewe. Nao wakubwa wanajua hivyo, ndiyo sababu wameandika mistari mitatu mahali palipotakiwa ukurasa mzima.

Tutawasimulia jambo lililotokea katika karakana hiyo hiyo mwaka uliopita, ili mwone karatasi mbaya inavyofanya kazi. Tumeziona barua zenyewe kwa macho yetu.

Fundi mmoja wa kulehemu, aliyekuwa na miaka sita kazini, aliamka Jumatatu ana homa kali. Akaenda kutibiwa, akapewa karatasi ya daktari ya kupumzika siku tano. Jumanne asubuhi mdogo wake aliipeleka karatasi ile kazini, akampa nyapara mkononi. Nyapara akaitia katika dawati lake. Kwa sababu gani hatujui, labda alisahau, labda hakupenda. Katika kitabu cha mahudhurio akaandika "hayupo" Jumatatu, "hayupo" Jumanne, "hayupo" Jumatano. Alhamisi Meneja wa Karakana akatazama kitabu, akamwita Ofisa wa Watumishi, akamwambia, "Mwandikie huyu barua, hatumtaki." Ofisa akaandika.

Jumatatu iliyofuata fundi akarudi kazini mzima. Akaambiwa angoje. Jumanne saa nne akaitwa katika chumba. Meneja amekaa kiti cha mwenyekiti, nyapara amesimama kuwa mshitaki, ofisa ana kalamu anaandika. Akaulizwa, "Una neno?" Akasema alikuwa mgonjwa na karatasi alileta. Nyapara akanyamaza. Baada ya dakika chache akapewa barua ya kufukuzwa. Mwenzetu alipofika nyumbani akaisoma kwa utulivu, akaona tarehe. Barua ilikuwa na tarehe ya Alhamisi, siku tano kabla ya yeye kuitwa na kuulizwa kama ana neno. Na chini kabisa iliandikwa ya kuwa asiporidhika apeleke rufaa yake kwa Meneja wa Karakana.

Sasa tazameni sheria inasema nini. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inasema kabla ya mwajiri kumwachisha mtu kazi kwa kosa, au kwa kazi mbaya, au kwa kutojiweza mwilini, sharti amweleze sababu yake kwa lugha anayoielewa. Mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini au mjumbe wa chama anayemchagua mwenyewe akisikia maelezo hayo. Tena mwajiri sharti asikilize maneno ya mfanya kazi na ya huyo aliyekuja naye, ayafikirie, ndipo akate shauri. Mwaka 2019, katika kesi ya Shirika la Posta, Mahakama ya Rufaa iliyataja mambo haya moja moja, ikasema yote sharti yaonekane. Si kuyatamka tu. Kuyasikiliza baada ya barua kuandikwa si kusikiliza.

Na juu ya ugonjwa, kifungu cha 30 kinasema mtu aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo ana haki ya kuugua siku saba kwa mshahara kamili katika mwaka, na siku saba nyingine kwa nusu mshahara, akileta karatasi ya daktari na akimjulisha mwajiri mapema iwezekanavyo. Fundi wetu aliugua siku tano. Hakuzidi hata siku zake za mshahara kamili! Kosa la kukosa kazi bila ruhusa wala sababu limo katika sheria, kweli, lakini ugonjwa wenye karatasi ni sababu.

Tulimkuta yule ofisa wa zamani siku moja kwenye stendi ya matatu, tukamwuliza, "Bwana, wewe ulisoma haya. Kwa nini ulitia tarehe ya Alhamisi?" Akatujibu, "Ndugu zangu, mimi niliandika nilivyoambiwa. Karatasi yangu ya kazi inasema nifanye kazi nyingine yoyote nitakayopewa na Meneja." Hasira zetu zikapungua kidogo, maana alisema kweli. Mtu alipewa kalamu bila kupewa uwezo.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Sisi wa reli tulifundishwa na treni zenyewe. Katika treni za abiria tulizokua tukiziona zikipanda kutoka Nairobi kwa njia ya Kibera na Dagoretti kwenda Kikuyu, dereva alikuwa mbele na gadi nyuma. Gadi hakuwa mtumishi wa dereva. Kama gadi hajatoa ishara ya kijani, treni haikuondoka stesheni, hata dereva awe na haraka ya namna gani. Mngemweka gadi chini ya dereva, aandikiwe ripoti ya mwaka na dereva, aongezwe mshahara kwa neno la dereva, angetoa ishara abiria wakiwa bado mlangoni. Ofisa wa Watumishi ni gadi. Meneja wa Karakana ana haraka ya kazi itoke, na si vibaya, ndiyo kazi yake. Kwa hiyo mtu wa kumwambia "Ngoja, Bwana Meneja, huyu hajaulizwa" hawezi kuwa chini yake.

Basi tunataka karatasi iseme wazi: Ofisa wa Watumishi atakuwa chini ya Mkurugenzi Mkuu, ndiye atakayempa kazi na kupima kazi yake kila mwaka. Na Meneja wa Karakana akimpa neno la kumwachisha mtu, alipe kwa maandishi. Kuna wanaosema tumweke chini ya Mhasibu Mkuu, kwa sababu mambo ya mishahara yako huko. Hatukubali. Mhasibu huhesabu watu kama anavyohesabu mifuko ya saruji, akiona ni wengi anataka kupunguza. Atamwamuru ofisa apunguze kwanza, sheria itafutwe baadaye.

Lakini kubadili mkubwa peke yake hakutoshi, kama kazi zenyewe ni "nidhamu na mafaili." Neno "nidhamu" laweza kuwa kila kitu. Yule wa zamani alipokea mashitaka, akaandika barua ya kumtaka mtu ajieleze, akakaa barazani, akaandika hukumu, na rufaa ikapita mezani kwake kwenda kwa yule yule aliyehukumu. Hata mzee wa kijiji hafanyi shauri la mbuzi namna hiyo. Karatasi mpya igawe kazi. Nyapara au meneja anayeshitaki aandike shitaka na kuleta ushahidi wake. Ofisa auchunguze kwanza: atazame kitabu cha mahudhurio, aulize kama kuna karatasi ya daktari, amsikie mshitakiwa na mashahidi, kisha aseme kama liko shauri au haliko. Kama liko, yeye ndiye atakayeandika barua ya kuita baraza, yenye kosa lenyewe, siku, saa, na maneno ya wazi ya kuwa mtu anaweza kuja na mwenzake au mjumbe wa chama. Barazani asiwe mshitaki wala mwenyekiti. Kazi yake hapo ni kuangalia njia ifuatwe, na maneno ya pande zote mbili yaandikwe na kutiwa sahihi. Rufaa iende kwa mtu ambaye hakukaa katika baraza la kwanza. Kifungu cha 12 cha sheria ile ile kinamtaka mwajiri mwenye watu 50 au zaidi aandike masharti yake ya nidhamu na kumtaja mtu wa kupelekewa malalamiko. Karakana hii inapita hesabu hiyo mbali.

Na mstari mmoja tungependa uandikwe kwa herufi kubwa kama mashine inaweza: HAPANA BARUA YA KUMWACHISHA MTU KAZI ITAKAYOTOKA KABLA OFISA HAJATIA SAHIHI YA KUWA NJIA YOTE IMEFUATWA. Hapo atakuwa na bendera yake mkononi. Hatusemi yeye ndiye aamue nani abaki na nani aende. Uamuzi ni wa wakubwa, na lawama ni yao. Twasema tu asiandike tarehe ya Alhamisi kwa baraza la Jumanne.

Mabwana wasidhani twawatakia hasara. Kifungu cha 43 kinaweka mzigo wa kuthibitisha sababu juu ya mwajiri, si juu ya mfanya kazi. Akishindwa, mahakama yaweza kumwamuru alipe mpaka mshahara wa miezi 12. Fundi wa shilingi 30,000 kwa mwezi, hiyo yaweza kufika shilingi 360,000, mbali na mawakili. Na yote kwa karatasi ya daktari iliyolala katika dawati la nyapara, ambayo ofisa mwenye uwezo angeiuliza kwa dakika tano.

Jambo jingine ni vibarua. Karatasi ya tangazo haikuwataja hata kwa neno moja, na katika karakana hii ndio wengi kwenye upande wa kupakia. Mtu anaandikwa kibarua wa siku, anafika kila siku, mwezi unapita, mwaka unapita, bado anaitwa wa siku. Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi siku za mfululizo zinazofika jumla ya mwezi mmoja, kazi yake inageuka kuwa ya mshahara wa mwezi, na hawezi kuambiwa jioni "kesho usije." Sasa nani anahesabu siku hizo? Nyapara ana daftari lake, likijaa analitupa. Kwa hiyo katika kazi za ofisa iandikwe: kutunza kitabu cha vibarua chenye jina, siku ya kwanza ya kazi na kila siku aliyofika, na kumjulisha kila mmoja kwa barua siku yake inapotimia. Kibarua naye awe na haki ya kulitazama jina lake. Ofisa akiulizwa, "Huyu aliingia lini?" akianza kukuna kichwa, basi mjue kitabu hakuna.

Tunakuja kwenye sifa. Digrii si mbaya, hatuna wivu na aliyesoma. Wengi wetu tuliishia shule ya misheni na tunapenda watoto wetu wapite hapo. Lakini digrii ya nini? Tangazo halikusema. Mtu mwenye digrii ya kilimo ataingia. Na tangu 2012 iko Sheria ya Wataalamu wa Usimamizi wa Rasilimali Watu, ndilo jina jipya la kazi hii, inayomtaka mwenye kuifanya awe ameandikishwa na Taasisi yake na awe na cheti cha kufanyia kazi. Tangazo limetaka upolisi na halikutaka cheti hicho! Cheti kina faida kwetu, maana mtu aliyeandikishwa akifanya mambo ya aibu yako mahali pa kumshitaki, na anaweza kuondolewa katika kitabu. Aliyekuja na ukali wake tu, utamshitaki wapi?

Miaka kumi nayo ni ya nini? Kwa mshahara tuliousikia, hakuna mtu wa miaka kumi mwenye cheti atakayekuja. Twafikiri miaka hiyo imewekwa ili waseme "tumetafuta tukakosa," kisha wamvute mtu wao. Miaka mitatu au minne katika mahali penye chama cha wafanya kazi inatosha, mradi awe amepata kuyashika mapatano ya kazi mkononi na kuyatumia. Ajue Kiswahili sawasawa, cha kumweleza mtu kosa lake mpaka aelewe, kwa sababu sheria imesema lugha anayoielewa. Na siku ya kuulizwa maswali asiulizwe kama anapenda kufanya kazi na watu. Nani atasema hapendi? Apewe kitabu cha mahudhurio cha wiki moja, karatasi ya daktari, na barua yenye tarehe ya Alhamisi, aambiwe, "Tuonyeshe kosa liko wapi." Atakayeliona kwa robo saa ndiye.

Juu ya polisi na jeshi hatutasema mengi. Wako watu wema waliotoka huko. Lakini mwenye kuweka sifa hiyo kwanza amekwisha waona wafanya kazi wake kuwa wahalifu.

Wazee wetu watakumbuka ya kuwa kiti hiki kina historia. Mwaka 1962 waajiri, vyama vya wafanya kazi na Serikali walitia sahihi Mapatano ya Uhusiano Kazini, Bwana Tom Mboya akiwa Waziri wa Kazi, ya kuwa ugomvi utatatuliwa kwa mashauri mezani. Baada ya Uhuru mwaka 1963 makampuni yaliyotaka kuonyesha uso mweusi yaliona kiti cha Ofisa wa Watumishi ndicho chepesi kumpa Mwafrika. Akapewa meza na simu, akawekwa katikati: wakubwa wakitaka kukataa jambo, anatumwa yeye alikatae kwa Kiswahili. Wengine walikuwa watu hodari na waliteseka sana katika kiti hicho. Hawakuwa na karatasi ya kuwakinga. Leo sheria inamtaka mwajiri aandike hata katika mkataba wa mfagiaji ni kazi gani anayoifanya, kifungu cha 10. Kama mfagiaji anastahili, ofisa anayewashika watu wote hastahili?

Wakubwa wamekwisha jibu kwa mdomo ya kuwa "uandikaji wa maofisa si jambo la chama." Twakubali ya kuwa kuchagua mtu ni kazi yao, na hatukuomba kiti katika chumba cha kuchagulia. Lakini njia ya malalamiko na ya nidhamu imo katika mapatano ya kazi tuliyotia sahihi pamoja, na huyu ndiye wanayemweka mlangoni mwa njia hiyo. Mlango ni wa wote wawili.

Wajumbe wa karakana watapeleka barua kwa Mkurugenzi Mkuu wiki hii, na nakala kwa ofisa wa leba. Inataka mambo manne: ofisa awe chini ya Mkurugenzi, sahihi yake itakiwe kabla ya barua yoyote ya kuachisha, kitabu cha vibarua kiandikwe katika kazi zake, na cheti cha Taasisi kiwe mahali pa upolisi. Inataka pia tangazo la sasa liondolewe ubaoni mpaka karatasi mpya iandikwe. Ndugu walio na nakala za barua zao za kufukuzwa, au za kujieleza, wawaletee wajumbe kabla ya Ijumaa. Msilete asili, leteni nakala. Na kabla ya kuzileta tazameni tarehe iliyo juu ya barua, kisha mwandike nyuma yake kwa kalamu ni siku gani mliitwa barazani, na kama mliambiwa mnaweza kuja na mwenzenu.